Riba ikipanda, rejesho letu litakuwaje?

*Shikamoo Shangazi. Mume wangu ni mwalimu, anapata 820,000 mkononi. Mimi nauza dagaa Kirumba Mwaloni; mwezi mzuri faida ni 400,000, mwezi mbaya 150,000. Matumizi ya nyumbani ni 450,000. Tunataka kukopa milioni 40 tumalizie nyumba yetu Buswelu, miaka 15, riba asilimia 15, rejesho kama 560,000 kwa mwezi. Barua ya benki inasema riba inaweza kubadilika. Nilipouliza ikipanda itakuwaje, mume wangu akasema nina kisirani. Afisa mikopo naye akasema tusihofu, rejesho litabaki lilelile, wataongeza miezi tu. Sasa hatuongei vizuri ndani. Tusaini?*

*Mama Wawili, Nyegezi*

Marahaba mwanangu. Msisaini bado. Swali lako halina kisirani chochote, na jibu lake linapatikana kwa hesabu ya dakika kumi. Naomba muifanye pamoja, na simu awe nayo mwenzio, aandike tarakimu kwa mkono wake mwenyewe. Mwalimu akikokotoa mwenyewe hana tena wa kubishana naye.

Fungueni Excel au jedwali lolote la hesabu kwenye simu, mwandike hivi:

```
=PMT(15%/12,180,-40000000)
```

Hiyo 180 ni miezi ya miaka 15. Mtapata 559,835, ambayo ndiyo ile 560,000 mliyoambiwa. Sasa futeni 15 muweke 18, msiguse kingine. Rejesho linakuwa 644,168. Wekeni 20: linakuwa 702,518. Asiyekuwa na jedwali anaweza kushika hivi: kwa mkopo wa miaka 15, kila milioni moja unairudisha kwa shilingi 13,996 kwa mwezi riba ikiwa 15, shilingi 16,104 ikiwa 18, na shilingi 17,563 ikiwa 20. Zidisha kwa milioni zako.

Utaniuliza kwa nini nipandishe hadi pointi tano. Benki Kuu ilipoanza kutumia riba yake elekezi Januari 2024 iliiweka asilimia 5.5, Aprili ikaipandisha hadi 6, na Julai 2025 ikaishusha hadi 5.75. Hayo ni mabadiliko madogo, na mumeo akiyataja atakuwa na haki. Lakini ninyi mnafunga mkataba wa miaka 15, na riba ya benki yenu haitembei na hiyo peke yake. Rudini kwenye barua msome imefungwa na nini. Kama imeandikwa kwamba benki itabadilisha kwa kadiri itakavyoona inafaa, basi hakuna kamba yoyote inayoizuia, na pointi tano si nyingi.

Tuje kwenye neno la afisa mikopo, maana ndilo lililonifanya niandike kirefu. "Tutaongeza miezi tu." Tazama mwezi wenu wa kwanza. Riba ya mwezi kwa milioni 40 kwa asilimia 15 ni 500,000 kamili. Kwa hiyo katika ile 559,835 mnayolipa, kinachopunguza deni ni shilingi 59,835 peke yake. Hata mkilipa miaka mitatu bila kukosa, mtakuwa mmetoa zaidi ya milioni 20, na deni litakuwa bado milioni 37.3.

Sasa riba ipande pointi moja tu mwanzoni mwa mkopo, iwe 16, na rejesho libaki lilelile. Riba ya mwezi inakuwa 533,333, na cha kupunguza deni kinabaki kama 26,500. Miezi 180 inageuka miezi 231. Pointi moja imewaongezea zaidi ya miaka minne. Ikifika 17, riba ya mwezi ni 566,667. Hiyo imeshazidi mnacholipa. Hapo hakuna miezi ya kuongeza itakayotosha, kwa sababu kila mwezi mnalipa na deni linakua.

Haya yalinipata. Mimi na marehemu mume wangu tulikopa kununua injini ya mtumbwi, tukaambiwa maneno hayohayo, na tulifurahi kwamba rejesho halipandi. Mwaka wa pili nikaomba taarifa ya mkopo. Nilisimama pale kaunta na karatasi mkononi, nikisoma mstari wa salio mara tatu, maana ulizidi tulichokopa. Hatukuwa tumechelewa hata siku moja. Ndiyo maana nakusihi: kila baada ya miezi sita ombeni taarifa, na jicho liende kwenye salio la mkopo, si kwenye rejesho. Salio lisiposhuka, kimbilieni benki siku hiyohiyo.

Sasa tupime na mfuko wenu. Wengi hupima kwa mwezi mzuri, na hapo ndipo hesabu inapodanganya. Mwezi mzuri mna 1,220,000, mkitoa matumizi mnabaki na 770,000, na hata riba ikiwa 20 mnalipa na kubaki na 67,000 na kitu. Mumeo ataona imepita. Lakini wewe unaijua biashara yako kuliko mimi. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi haileti kitu, maana dagaa hafuati taa kukiwa na mwanga angani. Mvua nazo zikishika, dagaa hawakauki vizuri na wanaishia kwenye bei ya chakula cha kuku. Mwezi huo mnabaki na 520,000 baada ya matumizi. Kwa riba ya leo mmeshapungukiwa 40,000. Kwa 18 mnapungukiwa 124,000, na kwa 20 ni zaidi ya 182,000. Miezi miwili ya namna hiyo ikifuatana, mtaji wa dagaa ndio utakaoliwa, na mtaji ukiliwa hata ule mwezi mzuri haurudi.

Kwa hiyo geuzeni hesabu. Badala ya kuuliza milioni 40 inalipwaje, ulizeni 520,000 inabeba mkopo gani riba ikiwa 20. Gawanyeni 520,000 kwa 17,563, mnapata kama milioni 29 na nusu. Kopeni 29. Rejesho la leo litakuwa 405,880, na hata riba ikifika 20 litakuwa 509,326, ambalo mwezi wa mbalamwezi unalibeba. Na ile tofauti ya laki moja na zaidi mnayobaki nayo sasa, iwekeni akiba kila mwezi kwenye akaunti ambayo hamna kadi yake.

Milioni 11 zinazopungua si kidogo, najua. Kaeni na fundi mtenge cha lazima: bati, milango, madirisha, choo, maji na umeme. Marumaru, jipsamu na uzio vinaweza kusubiri mkiwa mmeshahamia, na mkishahamia ile kodi ya Nyegezi itakuwa imebaki mfukoni kwenu.

Kisha rudini kwa afisa mikopo wote wawili, na karatasi mliyoiandika: riba ikifika 18, rejesho letu litakuwa shilingi ngapi, na tutamaliza mwezi gani wa mwaka gani? Mwombeni ajibu kwa maandishi. Kama atajibu tena kwamba rejesho halibadiliki, mwonyesheni ule mstari wa 566,667 na mumuulize tofauti inakwenda wapi.