Usiache 1 kwenye imani ya Minnesota ikiwa data zako ni za mabadiliko

> Wakuu, nina data za robo mwaka 60 tu na vigeu vitano: pato la taifa, bei, ujazi wa fedha, thamani ya shilingi na riba. Vinne vya kwanza nimevigeuza kuwa badiliko la asilimia kwa robo, riba nimeiacha kama ilivyo. Natumia VAR ya Kibayesi yenye imani ya Minnesota, mipangilio yote nimeacha ya programu. Nichukue vipindi vingapi vya nyuma, Gibbs izunguke mara ngapi, na λ ya 0.1 si ndogo mno? Ripoti inatakiwa Jumatatu.

Ripoti hiyo usiipeleke. Umesema umezigeuza data kuwa mabadiliko, kisha ukasema mipangilio yote umeiacha ya programu, na mambo hayo mawili hayakai nyumba moja.

Imani ya Minnesota, yaani dhana unayoipa hesabu kuhusu vizidishi kabla haijaona data, ilitokana na kazi ya Robert Litterman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota na tawi la Minneapolis la Benki Kuu ya Marekani. Walikuwa wakitabiri vigeu ambavyo, vikiandikwa kwa viwango vyake na si kwa mabadiliko, hutembea bila kurudi kwenye wastani maalumu: bei ya leo ndiyo makadirio mazuri ya bei ya kesho. Kwa sababu hiyo walianza na dhana kwamba kizidishi cha kila kigeu kwa thamani yake ya kipindi kilichotangulia ni 1, na vizidishi vingine vyote ni 0. Dhana hiyo inafaa kwa kiwango cha bei. Kwa badiliko la bei maana yake ni nyingine kabisa, kwani unaiambia hesabu kwamba bei zikiruka robo hii, zitaendelea kuruka kwa kasi ile ile robo ijayo na zinazofuata.

Mwenye data za miaka mia angeweza kulipuuza jambo hili, kwa kuwa data zingeishinda imani. Wewe, ukichukua vipindi vinne vya nyuma, unabaki na mistari isiyozidi 56 ya kukadiria vizidishi 21 katika kila mlinganyo, yaani 105 kwa jumla. Imani ndiyo itakayosema zaidi, na ndiyo sababu uliiweka. Basi angalia inasema nini.

Chukua kizidishi kimoja tu, cha badiliko la bei kwa badiliko lake la robo iliyopita, na tufanye hesabu iliyorahisishwa. Tuseme data peke yake zinatoa 0.3 na kosa sanifu la 0.2, nayo imani inasema 1 kwa upana wa 0.1, ambao ndio λ yako. Uzito wa kila upande ni moja gawanya kwa mraba wa upana wake, kwa hiyo imani ina uzito wa 100 na data zina 25. Jibu ni (100 × 1 + 25 × 0.3) ÷ 125, yaani 0.86. Sasa mvua zikose, bei ya chakula ipande, na badiliko la bei la robo hiyo lizidi wastani kwa pointi 2. Kwa kizidishi cha 0.3, ziada inayotabiriwa ukijumlisha robo nne zinazofuata haifiki pointi 0.9. Kwa 0.86, jumla hiyo ni karibu pointi 5.6. Mfumo wako utatangaza janga la mwaka mzima kutokana na msimu mmoja mbaya, na utalitangaza kwa ukanda mwembamba wa uhakika, jambo ambalo ndilo linalowadanganya wakubwa.

Najua wanavyodanganyika. Nilitoa utabiri wa namna hiyo kwa kampuni moja ya kusafirisha mizigo hapa Tanga, iliyokuwa ikiandaa bei ya mkataba wa mwaka wa kutoa mizigo bandarini. Mstari wa mfumuko wa bei ulipanda kwenye chati ukabaki huko juu kama bendera, nasi tukaongeza bei ya zabuni kufuatana nao. Wapinzani waliochukua mkataba hawakuwa na VAR wala Bayes. Walikuwa na karani na kikokotoo. Mkufunzi wa semina aliyenipa faili la amri alikuwa ametuambia tusiguse mipangilio kwa sababu "programu inajua". Programu haikuwahi kuambiwa kama namba nilizoipa ni viwango au mabadiliko, sasa ingejua kwa ramli ya nani? Cheti cha semina ile bado ninacho, na kinaziba ufa wa ukuta vizuri sana.

Kuhusu λ, usifikiri kwamba ukiilegeza utakuwa umepona. Ukiiweka 0.2, kizidishi cha mfano wetu kinashuka hadi 0.65 tu, ilhali umevilegeza kwa pamoja vile vingine 19 ambavyo vilistahili kubanwa karibu na sifuri, navyo vitaanza kukariri kelele za data zako. Kuiachia programu ichague λ yenyewe, kwa njia waliyoieleza Giannone, Lenza na Primiceri mwaka 2015, ni jambo jema, lakini ikiwa kitovu cha imani, yaani ile 1, kimekosewa njia hiyo huelekea kuchagua λ kubwa ili data zikikimbie kitovu, na gharama inakuwa ile ile. Kitovu hurekebishwa kwanza, kisha ndipo λ inapojadiliwa.

Kwenye R, kifurushi cha BVAR kina `b`, yaani kitovu hicho, ambayo bila kuguswa ni 1 kwa vigeu vyote. Kwa mpangilio ulioutaja wa vigeu vyako, andika hivi:

```r
library(BVAR)
mn <- bv_minnesota(b = c(0, 0, 0, 0, 1))
pr <- bv_priors(hyper = "auto", mn = mn)
m  <- bvar(data, lags = 4, priors = pr)
```

Riba imebaki na 1 kwa sababu hukuigeuza, na kwa kawaida riba huenda polepole. Usiongeze `bv_soc()` wala `bv_sur()`, kwa kuwa zote mbili zinarudisha kwa mlango wa nyuma dhana ile ile ya vigeu visivyorudi kwenye wastani. Tena hakikisha badiliko la bei ni la robo kwa robo, lililoondolewa athari za msimu. Ukitumia badiliko la robo hii dhidi ya robo kama hii mwaka jana, thamani mbili zinazofuatana zinashiriki robo tatu kati ya nne, hivyo uhusiano wa karibu 0.75 utajitokeza hata pale ambapo mabadiliko ya robo hayana uhusiano wowote, na hapo 0 nayo haitakuwa kitovu kizuri.

Kabla ya Jumatatu fanya jaribio moja. Kadiria mfumo kwa robo 40 za mwanzo, tabiri nne zinazofuata, ongeza robo moja, rudia hadi data ziishe. Fanya hivyo kwa `b` ya zamani na kwa hii mpya, na weka kando utabiri wa tatu ambao ni wastani wa kawaida wa data zilizokwisha kupita. Usitazame ukubwa wa makosa peke yake. Tazama robo zilizofuata mruko wa bei: ikiwa utabiri wa `b` ya zamani umezidi hali halisi kwa robo tatu au nne mfululizo, na baada ya bei kushuka ukawa chini mfululizo, basi hiyo ni imani inayozungumza na si data. Bandika chati hizo mbili hapa, na ile ya wastani pia, hasa ikiwa imekushinda.