Bluu ilinifichia saitimira: nilivyopanga upya taa za ndani ya gari

Gari lilipofika kutoka bandarini, jioni ya kwanza nililiegesha Capri Point nikakaa nusu saa nzima nikichezea skrini. Rangi 64! Nikachagua bluu ya barafu, mwanga nikaupandisha hadi mwisho, na ile ya kukaribisha, inayoandikwa "Welcome", nikaiwasha. Mke wangu alipoingia akauliza kama nimefungua baa.

Siku chache baadaye nilikuwa narudi usiku kutoka Magu. Kabla ya Kisesa kuna vipande vya barabara visivyo na taa hata moja, na mbele yangu kulikuwa na mtu wa baiskeli asiye na kiakisi. Nikatupa jicho saitimira ya kulia ili nimpite, nikaona mstari wa bluu. Ule mkanda wa taa wa mlangoni ulikuwa umejiakisi kwenye kioo cha dirisha, ukakaa pale pale ninapotazamia saitimira. Bodaboda aliyekuwa ananipita nilimwona akiwa tayari usawa wa mlango wangu.

Kosa langu lilikuwa kupanga mwanga jua likiwa halijazama vizuri. Saa kumi na mbili jioni kila kitu huonekana hafifu, kwa hiyo unaongeza tu. Sasa napanga hivi: naegesha mahali penye giza kweli, nawasha injini na taa kubwa, nakaa vile ninavyokaa nikiendesha. Kwenye skrini naingia "Ambient Light", halafu "Brightness" (gari lako linaweza kuita vingine), nashusha mpaka sifuri. Kisha napandisha kidogo kidogo, na kila hatua natazama saitimira zote mbili na kioo cha mbele, wala si taa zenyewe. Mara tu ninapoona mstari kwenye kioo, narudi nyuma hatua moja.

Kama gari lako linakuruhusu kupanga kila sehemu peke yake, anza na milango, maana ndiyo iliyo jirani na madirisha. Mimi milango nimeiacha 1 kati ya 10, dashibodi 3, na miguuni 4, kwa kuwa mwanga wa miguuni haufiki kwenye kioo chochote. Na usizichanganye taa hizi na mwanga wa mita za dashibodi. Mimi nilihangaika na kile kitufe cha mita siku mbili nikishangaa kwa nini mkanda wa mlangoni haupungui. Kwenye gari langu ni vitu viwili tofauti.

Rangi nayo ina neno lake. Gizani jicho hutegemea zaidi chembe zake za kuonea usiku, na hizo hushtuliwa sana na bluu na kijani lakini nyekundu karibu haziioni. Bluu ileile ambayo mchana ni ya upole, usiku inakuwa kali, na ukihamisha macho barabarani unahitaji muda kuzoea giza tena. Nikahamia rangi ya machungwa iliyokolea. Nyekundu tupu niliijaribu pia, lakini nikibadili mwendo kuwa "Sport" gari lenyewe linageuza taa kuwa nyekundu, nami nataka kujua lini limebadili.

Ile "Welcome" ilinikomesha Igombe. Ilikuwa siku za mwezi mchanga, wakati wale vijidudu vya ziwani wanapopanda juu ya maji kama moshi. Nikabonyeza rimoti nikiwa bado mbali, taa za nje zikawaka, nikafungua mlango na bluu ikaanza kutembea kwenye dashibodi. Wadudu hufuata zaidi mwanga mweupe na wa bluu kuliko wa machungwa. Nilipofika kwenye kiti nilikuta wamenitangulia, na asubuhi nikawafuta kwenye matundu ya kiyoyozi kwa brashi ya rangi.

Sikuizima kabisa, kwa sababu napenda inavyowaka. Nilichofanya ni kutenganisha mambo mawili ambayo menyu inayaweka mahali tofauti: onyesho la ndani nimeliacha, lakini taa za nje zinazowaka ukifungua kwa rimoti nimezizima. Zile zinazobaki zikiwaka baada ya kufunga nimezishusha kutoka sekunde 40 hadi 15.

Jambo jingine dogo: kama gari lako huwasha taa likihisi ufunguo uko karibu, usiutundike kwenye ukuta unaopakana na maegesho. Kila linapouhisi linaamka, na taa hizo ndogo hazili sana, bali kompyuta zinazoamka nazo ndizo zinazochosha betri.

Mipangilio yote imehifadhiwa kwenye ufunguo wangu. Wa mke wangu una yake: zambarau, mwanga wa mwisho, "Welcome" imewashwa. Yeye huendesha mchana tu, kwa hiyo sijasema kitu.