Maswali na Majibu: Oda Yako na Bei Unayoipata Ukuta Unapovunjika

"Nataka kununua yuro ikivuka 1.0900. Bei ipo 1.0891, lakini programu ya MT5 inaikataa Buy Limit yangu ya 1.0902." (Msomaji, Masasi)

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, na linarudi kwa sababu watu hubonyeza kabla ya kusoma. Buy Limit ni agizo la kununua kwa bei uliyotaja au chini yake, kwa hiyo MT5 huipokea chini ya bei ya sasa tu. Kwenye mitambo mingi ya hisa ingepokelewa, nawe ungenunuliwa papo hapo, ukuta, yaani ile 1.0900 inayozuia bei isipande, ukiwa bado mzima. Unachohitaji ni Buy Stop, agizo la kununua bei ikipanda hadi kiwango ulichotaja juu ya bei ya sasa.

"Ijumaa saa tisa na nusu alasiri Buy Stop yangu ya 1.0902 iliingia kwa 1.0914. Dalali ameniibia?" (Msomaji, Lindi)

Sioni wizi hapo. Saa hiyo, Marekani wakiwa katika majira yao ya joto, ndipo takwimu zao za ajira hutoka, kwa kawaida Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Buy Stop ikishaguswa hugeuka oda ya soko, ambayo hununua kwa bei yoyote itakayoikuta. Ikiwa bei ya kununulia iliruka kutoka 1.0896 hadi 1.0914 bila muuzaji katikati, 1.0914 ndiyo bei yako.

Kilichokuumiza zaidi ni hesabu ya hasara. Stop Loss yako, yaani bei ya kukutoa ukiwa kwenye hasara, ilikuwa 1.0882, hivyo ulijipangia kupoteza pipsi 20, kila moja ikiwa 0.0001, lakini baada ya mruko zikawa 32. Kwa loti 0.10, ambapo pipsi moja ni dola 1, dola 20 ziligeuka 32. Punguza loti ukijua kwamba mruko unaweza kutokea, au ifute oda kabla ya habari. Na nakusihi, fedha ya korosho inayosubiri ada ya shule usiipeleke kwenye dakika kama ile.

"Basi Buy Stop Limit ndiyo dawa?" (Msomaji, Mikindani)

Inakulinda na bei mbaya, lakini haikuhakikishii kununua. Kwenye mitambo ya hisa huweka kichochezi 1.0902 na kikomo cha juu, tuseme 1.0906, kwa hiyo bei ikirukia 1.0914 na kuendelea kupanda, unabaki mikono mitupu. Itakuingiza pale tu bei itakaporudi 1.0906, na marejeo hayo huenda yakawa ndiyo mwanzo wa ukuta kurudi mahali pake. Kwa maneno mengine, mivunjo yenye nguvu kuliko yote ndiyo inayokupita.

MT5 ina masharti yake: bei ya pili lazima iwe chini ya ile ya kwanza. Ukiweka 1.0902 na 1.0898, bei ikigusa 1.0902 mtambo huweka Buy Limit ya 1.0898 na kungoja bei ishuke. Huko ni kununua marejeo, wala si kununua mvunjo.

"Chati haikufika 1.0902, mbona Buy Stop imeingia?" (Msomaji, Nachingwea)

Chati huonyesha bei ya kuuzia, ilhali Buy Stop hufuata bei ya kununulia, na spredi, yaani pengo kati ya bei hizo mbili, ikitanuka wakati wa habari, bei ya kununulia hufika peke yake.