Mstari mmoja wa bajeti, akaunti moja ya leja

"Wakuu, bajeti ya mfadhili ina mstari '2.1 Semina', lakini kwenye leja kuna posho, usafiri na ukumbi, kila kimoja na akaunti yake. Kila robo mwaka nagawanya kwa mkono. Nifanyeje?"

Mkuu, uvunje huo mstari kabla bajeti haijapitishwa. Mstari mmoja uelekee akaunti moja tu, ila akaunti moja inaweza kupokea mistari mingi. Semina ya 4,500,000 inakuwa B211 posho 2,400,000 (akaunti 6110), B212 usafiri 1,300,000 (6120) na B213 ukumbi 800,000 (6130). Mfadhili bado anaona jumla ya B21, yaani ile 2.1 yake.

Usafiri wa ufuatiliaji nao utaingia 6120, kwa hiyo hati ya malipo ya usafiri wa semina ibebe namba zote mbili, ya akaunti na ya mstari, 6120-B212, siku hiyohiyo ya kulipa.

Herufi B mwanzoni mwa namba ya mstari usiiache. Niliwahi kuandika 2.10, Excel ikaifanya 2.1, mafuta ya gari yakahamia semina. Tumekuja kushtuka ripoti inadaiwa.

Kama akaunti za bajeti ziko safu ya C, na orodha ya leja iko safu ya A ya karatasi ya Akaunti, hakiki hivi:

```
=COUNTIF(Akaunti!A:A,C2)
```

Ikitoa 0, akaunti hiyo haipo kwenye orodha ya leja. Ikitoa 2, kuna mtu kaiingiza mara mbili.