Kivuli cha kichwa changu kwenye kanzu ya babu

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni, Tanga, baada ya ndoa. Jua lilikuwa mgongoni kwangu, ukoo mzima umepangwa mbele yangu, na babu wa bwana harusi ameketi katikati. Nikawapiga picha, na nyumbani ndipo nilipogundua kivuli cha kichwa changu kimelala mapajani mwake, kikagusa na kanga ya bibi aliye kando yake.

Kwanza nilijaribu kunakili kipande cha kanga chenye jua na kukibandika juu ya kivuli. Maua ya kanga yalivurugika. Nakushauri usianzie huko, kwa sababu chini ya kivuli nguo bado ipo na nakshi zake zote. Imekosa mwanga tu.

Tena mwanga wake ni wa rangi nyingine. Penye jua la jioni nguo huelekea unjano; kivulini huangazwa na anga, kwa hiyo huelekea buluu. Ukiongeza mwangaza peke yake, utapata doa jeupe lenye ubuluu.

Natumia GIMP, programu ya kuhariri picha. Nilinakili picha kwa `Layer > Duplicate Layer`, kisha kwa `Color Picker` nikapima kanzu ileile sehemu mbili. Penye jua nilipata nyekundu 236, kijani 228, buluu 212. Kivulini 112, 118 na 128. Nikafungua `Colors > Curves` na kushughulikia kila rangi peke yake: nyekundu nikaipandisha kutoka 112 hadi 236, kijani kutoka 118 hadi 228, buluu kutoka 128 hadi 212. Picha nzima iliungua, lakini pale kwenye kivuli kanzu ilirudi sawa. Nikaweka `Layer > Mask > Add Layer Mask`, nikachagua `Black (full transparency)`, halafu nikapaka nyeupe juu ya kivuli tu, ili nakala iliyorekebishwa ionekane hapo pekee.

Kazi ngumu ni ukingo. Jua si nukta, kwa hiyo ukingo wa kivuli hufifia kwa upana wa kama sentimita 1 kwa kila mita 1 kutoka kwenye kitu kinacholizuia jua. Kichwa changu kilikuwa mita 5 hivi kutoka kwa babu, basi ukingo ulikuwa na upana wa sentimita 5. Brashi nayo iwe laini kiasi hicho. Ukiona mstari mweupe kuzunguka, umepaka kupita mpaka: rudisha kwa nyeusi hafifu, `Opacity` 20. Mstari mweusi maana yake hujafika.

Kivuli kikikata uso, na picha ni JPEG ya simu, njia hii hutoa chengachenga mashavuni. Siku hizi, jua likiwa nyuma yangu, napiga picha ya kwanza, nasogea hatua mbili kando, napiga ya pili bila watu kuondoka. Kivuli kinahamia kwa mwingine, nami nachukua mapaja safi ya babu kutoka ile ya pili.