Zamu ya majina mawili kwa siku? Nilishavunjikiwa nayo

Suali: "Assalamu alaykum walimu. Nimepewa umsaidizi wa mwalimu mkuu hapa Pemba, skuli ya msingi ya mikondo miwili. Walimu 18: 10 asubuhi, 8 mchana. Nimepata sampuli ya ratiba ya zamu, kila siku majina mawili, nataka kuibandika Jumatatu. Naomba pia muongozo wa risesi, chakula cha mchana, usimamizi baada ya skuli na usafi wa vyoo."

Usiibandike. Salamu nitaitika baadaye, kwanza iweke pembeni hiyo karatasi.

Sampuli hiyo naijua. Mistari mitano, Jumatatu mpaka Ijumaa, kila mstari majina mawili, na chini "Walimu wa zamu wahakikishe usalama wa wanafunzi muda wote." Mimi nilipewa na bwana mmoja aliyekuja kutusomesha uongozi wa skuli kwa siku mbili. Akala samaki wetu, akasaini posho yake, akatuachia hiyo karatasi akasema inafanya kazi kila mahali. Huko kila mahali sijui ni wapi. Nina hakika hakuwahi kusimama kwenye skuli ya mikondo miwili saa sita mchana.

Niliibandika mwezi wa Oktoba. Mkondo wa asubuhi kwetu ulikuwa unatoka saa 6 na dakika 20, wa mchana unaingia saa 6 na dakika 50. Nusu saa baina yao, na watoto wa mchana, kama unavyowajua, wengi wanafika saa 6 na robo maana nyumbani wameshafukuzwa. Oktoba, Novemba, yote salama. Nikajiona fundi.

Nililokuwa sikulitia akilini ni adhana. Adhuhuri ya huku haikai pahala pamoja mwaka mzima. Oktoba inaingia kiasi cha saa 6 na dakika 10, kwa hiyo walimu wa mchana walikuwa wanasali jamaa msikitini, wanatoka, na saa 6 na dakika 35 wapo skuli. Ile nusu saa ilikuwa inajazwa na msikiti. Karatasi yangu haikuwa na kazi yoyote hapo. Katikati ya Februari Adhuhuri inasogea mpaka kama saa 6 na dakika 35. Sasa hesabu mwenyewe: wa zamu wa asubuhi saa 6 na dakika 20 kaondoka, wa mchana yuko msikitini anangoja ikama, na watoto zaidi ya mia wako uwanjani peke yao.

Mtoto wa darasa la tatu akapanda mnara wa tangi la maji. Akateleza, mkono ukavunjika chini ya kiwiko. Mtu mzima wa kwanza kumfikia alikuwa mama anayeuza badia getini. Yeye ndiye aliyemfunga mkono kwa kanga na kipande cha ubao, na yeye ndiye aliyetuma watoto mbio msikitini. Mimi nilikuwa ofisini nakula, mlango nimeurudisha kwa ajili ya nzi. Gari ya kumpeleka hospitali nililipa mwenyewe, na sikudai.

Lakini mkono si uliokuwa mzito. Mikono ya watoto inaunga. Uzito ulikuja kesho yake, baba yake alipofika na sheha, akaomba kitu kimoja tu kwa upole kabisa: "Mwalimu, nani alikuwa zamu?" Nikafungua daftari. Majina mawili. Wa kwanza akasema alidhani mwenzake yupo. Wa pili akasema vivyo hivyo. Na wote wawili walishasaini tangu asubuhi, mbele ya majina yao pameandikwa "hakuna tukio". Wameandika hakuna tukio saa 2 asubuhi! Nikataka kucheka, nikamtazama yule baba, nikaona bora nitazame dari.

Wale walimu sikuwalaumu, na mpaka leo siwalaumu. Ukiwapa watu wawili siku nzima na skuli nzima, kila mmoja anashika nusu, na nusu yenyewe ni ile ambayo mwenzake hayupo. Karatasi ilisema siku. Haikusema pahala wala dakika.

Basi nikanunua filimbi tatu. Moja ya geti, moja ya tangi na vyoo, moja ya uwanja, kila moja na kamba ya rangi yake. Mwenye filimbi shingoni ndiye wa zamu wa pahala hapo, hata kama ratiba inasema mwengine. Na filimbi haiwekwi mezani. Inatiwa mkononi mwa mtu, pale pale anaposimama. Hujaitia mkononi mwa mtu, wewe bado uko zamu, hata adhana ikitoka, hata daladala ikipiga honi. Ukibanwa na haja, unamwita mwenzako unampa. Daftarini unaandika saa uliyopokea na saa uliyokabidhi, na aliyepokea ndiye anayesaini.

Kwa walimu wako inatosha. Risesi ya asubuhi ni nafasi 3 kwa siku, 15 kwa wiki. Walimu 10, watano wanaingia mara moja na watano mara mbili, wiki ya pili mnageuza. Ya mchana vilevile, ila kwa 8 karibu wote wanapata mara mbili. Watanung'unika, wape chai.

Ile nusu saa ya katikati usiihesabu ndani ya risesi, ipangie watu wake. Filimbi mbili, ya geti na ya tangi. Uwanja unaonekana kutoka getini, kama kwenu hauonekani basi tatu. Wanaozishika ni wa asubuhi, na hawatoki saa 6 na dakika 20. Wanatoka wanapopokelewa. Wao watasali jamaa ya pili. Wakati wa Adhuhuri upo mpaka Alasiri, hakuna aliyekoseshwa sala. Ijumaa mambo mengine: wanaume wote wanakwenda, kwa hiyo saa zile filimbi ni za walimu wanawake, na lazima uwapunguzie siku nyengine, kama huwapunguzii utasikia maneno yako kwenye baraza za Konde.

Itaharibika wapi? Mwezi wa pili wa filimbi hizi wataanza kuwavalisha viranja. Kiranja ni mtoto. Anaweza kukimbia kumwita mwalimu, hawezi kushika filimbi. Au utaikuta imetundikwa msumarini ofisini. Usingoje kuripotiwa: siku moja kwa wiki, saa 6 na dakika 30, toka kimya uhesabu shingo. Au muulize muuza badia, yeye anajua mwalimu yupo wapi kuliko wewe.

Chakula cha mchana kwetu hakikuwapo, sina la kukwambia. Baada ya skuli, wa geti abaki mpaka mtoto wa mwisho aondoke, filimbi ile ile. Vyoo umeuliza nimeona, nitarudi.

Misumari yote ya ofisini niliing'oa kwa mkono wangu. Wa alaykumu salaam.