Sensa imekatika, skrini inasema tangi limejaa

Swali: Assalaam alaykum fundi. Nipo kaskazini ya Pemba, nahudumia pampu ya hoteli. Tangi lina kimo cha mita 5, sensa ya kina imezamishwa chini, ni ya 4–20 mA, imeandikwa 0–6 m. PLC ni S7-1200 na moduli ya SM 1231. Nimegeuza namba kwa NORM_X na SCALE_X, 0 mpaka 5.0. Nikipima kwa kijiti maji ni mita 4, skrini inasema 3.33. Halafu juzi waya wa sensa ulikatika, skrini ikaonyesha 5.93 na pampu ikagoma kuwaka hadi tangi likakauka. Nimeambiwa nitumie LIMIT ili namba isizidi 5. Ni sawa?

Jibu: Waalaykumu salaam ndugu yangu. Hiyo LIMIT usiiweke kwanza, nitakueleza kwa nini. Tuanze na lile jepesi.

Kimo cha tangi hakihusiani na ugeuzaji. Sensa yako hutoa 4 mA pasipo maji na 20 mA maji yakiwa mita 6 juu yake, na hiyo 20 mA ndiyo moduli inayoiandika 27648. Kwa hiyo namba ya juu kwenye SCALE_X ni 6.0, hata kama tangi lako halitafika huko maisha. Jihakikishie mwenyewe: mita 4 kati ya 6 ni 18432 katika namba ghafi. Ukiigawa kwa 27648 na kuzidisha kwa 5 unapata 3.33, ile ile unayoiona. Ukizidisha kwa 6 unapata 4.

Sasa ile 5.93. Waya wa 4–20 mA ukikatika, SM 1231 haikupi sifuri, inakupa 32767, yaani namba kubwa kuliko zote zinazoingia kwenye INT. NORM_X na SCALE_X hazina habari kwamba hiyo ni ishara ya hitilafu. Zinaigeuza kama namba nyingine yoyote, na 32767 kwa mizani yako ya 5.0 ni mita 5.93. Programu ikaona tangi limefurika, ikazima pampu. Ukishaweka 6.0 itasoma mita 7.11 na matokeo yatakuwa yale yale. Ukiongeza LIMIT juu yake itasoma 5.00 safi kabisa, na hapo hata mtu anayetazama skrini hatashtuka. Umeondoa dalili pekee uliyokuwa nayo.

Kwa hiyo hukumu itolewe kwenye namba ghafi, kabla haijawa mita. Transmita zinazofuata pendekezo la NAMUR NE 43 hupima kati ya 3.8 na 20.5 mA, na zikiharibika ndani hujipeleka 3.6 au chini yake, au 21 au juu yake. Mimi huweka mipaka katikati ya hayo mapengo: 3.7 mA, ambayo ni -518, na 20.75 mA, ambayo ni 28944. Usishangae kuona namba hasi. Tangi likiwa tupu sensa inaweza kutoa 3.95 mA, nayo ni -86, kama sentimita 2 chini ya sifuri. Hiyo si hitilafu, ni sensa kutokuwa sawa kwa unywele tu. Ukitaka skrini isionyeshe hasi, weka LIMIT kwenye namba ya kuonyesha peke yake, mwisho kabisa.

```
#kosa := (#ghafi < -518) OR (#ghafi > 28944);
#saa_kosa(IN := #kosa, PT := T#3s);

IF #saa_kosa.Q THEN
    #sensa_mbovu := TRUE;
ELSIF #weka_upya AND NOT #kosa THEN
    #sensa_mbovu := FALSE;
END_IF;

IF NOT #kosa THEN
    #uwiano := NORM_X(MIN := 0, VALUE := #ghafi, MAX := 27648);
    #kina := SCALE_X(MIN := 0.0, VALUE := #uwiano, MAX := 6.0);
END_IF;
```

Iandike ndani ya FB: `#saa_kosa` ni TON, `#ghafi` ni INT, `#uwiano` na `#kina` ni REAL, na `#saa_kosa`, `#sensa_mbovu` na `#kina` ziwe Static. Kosa likitokea, kina kinabaki na namba ya mwisho iliyokuwa nzima, na kwa sekunde 3 pampu inaendelea kama ilivyokuwa. Zikipita, alamu inashika na haiachii mpaka mtu abonyeze kitufe. Nimefanya hivyo makusudi, kwa sababu waya uliolegea hukatika na kurudi, na kontakta ikiufuata utaiua ndani ya wiki.

Baada ya alamu pampu ifanye nini? Hili PLC haiwezi kukuamulia. Ukiizima, wageni wanakosa maji. Ukiiacha iwake, tangi linamwagika, na kisima cha karibu na pwani kikivutwa kupita kiasi kinaanza kuleta maji ya chumvi, na chumvi ikishaingia haitoki upesi. Ushauri wangu ni ufunge floti mbili za kawaida kwenye ingizo za dijiti, moja juu na moja chini. `#sensa_mbovu` ikiwaka, pampu ifuate floti, na iwekewe ukomo wa muda kulingana na kisima chako. Floti ya juu izime pampu wakati wote, sensa iwe nzima au mbovu.

Nalisisitiza hili la floti kwa sababu kuna hitilafu moja ambayo mipaka yote hapo juu haitaikamata, na hewa yetu ya bahari inaipenda. Kiungo cha waya kikiota kutu ya kijani, ukinzani unapanda bila waya kukatika. Mwanzoni huoni kitu, maana transmita inausukuma mkondo wake vile vile mradi volti zinatosha. Tuseme ugavi ni volti 24, transmita inahitaji 10 ili ifanye kazi, moduli ina omu 250 na kutu imeongeza omu 1000. Zimebaki volti 14 kwa omu 1250, basi mkondo hauwezi kuzidi 11.2 mA, sawa na mita 2.7. Chini ya hapo kipimo ni sahihi kabisa. Juu ya hapo kinaganda, nacho kimo ndani ya mipaka. Pampu inayosubiri mita 4.7 ndipo izime haitazima kamwe.

Dalili yake ni kwamba pampu inawaka na kina hakipandi. Pima siku moja tangi lako hupanda kiasi gani kwa nusu saa matumizi yakiwa makubwa, kisha weka alamu kama pampu imewaka muda huo na kina hakijapanda hata nusu ya hapo. Alamu hiyo ikilia, weka multimita kwa mfululizo kwenye waya wa sensa, upande wa DC mA, huku ukipima maji kwa kijiti. Kwa mita 4 unatarajia 14.67 mA. Ukikuta mkondo pungufu, pima volti kwenye miguu ya transmita ukiwa pale pale kwenye tangi. Zikiwa zimeshuka hadi kile kiwango chake cha chini kabisa, kata viungo vyote vya njiani, uvifanye upya kwenye kisanduku kisichopitisha maji, na ukague pia terminali za paneli.

Kabla hujaondoka, chomoa waya wa sensa kwenye SM 1231. Namba ghafi isome 32767, kina kibaki pale pale kilipokuwa, na baada ya sekunde 3 pampu ihamie kwenye floti. Rudisha waya: alamu isiondoke mpaka ubonyeze.